Mama anachomwa sindano za kuongeza damu lakini damu haipandi: tatizo liko wapi?

*Mama yangu ana miaka 58 na uzito wa kilo 60. Figo zimefeli, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki kupitia mrija wa shingoni tangu mwezi wa pili. Damu yake ilikuwa 7.8. Ameshachomwa eritropoietini yuniti 4,000 kila akija kusafishwa, sasa ni wiki ya kumi, na imefika 8.1 tu. Vidonge vya madini ya chuma anameza kila siku. Daktari mmoja alisema feritini yake ni 310, kwa hiyo chuma anacho cha kutosha. Mwingine anataka aongezewe chupa mbili za damu. Kwenye karatasi ya maabara naona pia chuma 6.2 na TIBC 44. Hizi sindano ni ghali na tunanunua wenyewe. Tufanye nini, na kwa nini wasimwongezee dozi damu ifike 13 kama watu wengine?*

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Jibu la swali lako liko kwenye zile namba mbili za mwisho ulizoandika kama nyongeza. Chukua chuma 6.2, gawanya kwa TIBC 44, yaani uwezo wote wa damu kubeba chuma, zidisha kwa 100. Unapata 14. Hiyo ni asilimia ya transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu, iliyobeba chuma, na kwenye karatasi nyingine utaiona imeandikwa TSAT. Kwa mtu anayesafishwa damu na kuchomwa eritropoietini, chini ya 20 ni njaa ya chuma, hata kama feritini, kipimo cha chuma kilichohifadhiwa, inaonekana nzuri. Mama anachomwa sindano inayoamuru damu itengenezwe, lakini malighafi haifiki kiwandani.

Ili uone kwa nini daktari wa kwanza aliangalia feritini 310 akaridhika, na kwa nini hapo alipitiwa, turudi nyuma kidogo kwenye chanzo cha tatizo.

Chembe nyekundu za damu hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Uboho haujiamulii wenyewe utengeneze kiasi gani. Unasubiri homoni ya eritropoietini, na kwa mtu mzima sehemu kubwa ya homoni hiyo, takribani asilimia 90, hutoka kwenye figo. Kuna seli maalumu zinazokaa katikati ya mirija midogo ya figo, zinazopima oksijeni inayowafikia. Oksijeni ikipungua, zinamwaga homoni. Figo zikiharibika kwa kisukari au presha, seli hizo hazifi zote; nyingi zinageuka kuwa watengenezaji wa makovu na kuiacha kazi yao ya awali. Ndiyo maana ukipima eritropoietini ya mgonjwa wa figo unaweza kukuta namba ambayo kwa mtu mzima wa afya ingeitwa ya kawaida. Tatizo ni kwamba mtu mwenye damu 8 alipaswa kuwa nayo mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo kipimo cha homoni yenyewe hakina faida kwa mama, msikilipie.

Juu ya hapo, chembe nyekundu zinazoishi siku 120 kwa mtu mwenye afya huishi muda mfupi zaidi pale uchafu unapojaa kwenye damu. Uzalishaji mdogo na maisha mafupi, hayo mawili peke yake yanatosha kumshusha mtu. Lakini yangekuwa hayo tu, sindano ingeyamaliza. Kinachoikwamisha sindano ni chuma.

Kila siku uboho unahitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kutengeneza chembe mpya. Chakula kinaleta miligramu 1 au 2 tu. Kilichobaki chote kinatokana na chembe zilizozeeka: seli za wengu na ini huzimeza, huzivunja, kisha hukitoa kile chuma kirudi kwenye mzunguko. Kwa hiyo uboho unaishi kwa marejesho zaidi kuliko kwa chakula. Sasa, mlango wa kukitolea chuma, kwenye seli hizo na kwenye utumbo, unafungwa na kemikali ya ini inayoitwa hepsidini. Ini huimwaga kwa wingi pale mwili unapopambana na maambukizi au uvimbe wa ndani. Figo nzima huiondoa kwa njia ya mkojo. Figo zilizofeli haziwezi. Kwa mgonjwa wa figo hepsidini hujaa, na milango inafungwa pande zote mbili.

Hapo ndipo feritini inapodanganya. Feritini ni kipimo cha ghala, haipimi barabara. Ghala la mama linaweza kuwa na mzigo huku mlango umefungwa na malori yako tupu. Lori ndiyo transferini, na 14 inakuambia kwamba kati ya nafasi mia za kubebea chuma, nafasi 86 ziko wazi. Isitoshe, feritini hupanda yenyewe pale mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi, hata ya mrija wa shingoni yasiyoleta homa. Feritini ikiwa chini, amini kwamba chuma hakipo. Ikiwa ya kati au juu kidogo, haikuambii chochote mpaka uitazame pamoja na transferini. Mwongozo wa kimataifa wa figo unaoitwa KDIGO, toleo la 2012, unaruhusu kujaribu chuma cha mshipani kwa mgonjwa kama mama ikiwa asilimia ya transferini ni 30 au chini na feritini ni 500 au chini. Mama ana 14 na 310. Yuko ndani ya mipaka hiyo pande zote mbili, wala si kwa kubahatisha.

Vile vidonge anavyomeza havina kosa, ila vinagonga mlango uliofungwa. Hepsidini imefunga utumbo. Na kama anameza pia kalsiamu kaboneti ya kupunguza fosfeti, au omeprazoli ya tumbo, au anavishushia kwa chai, hata kile kidogo ambacho kingepenya kinazuiwa. Kwa mgonjwa wa figo ambaye bado hajaanza kusafishwa damu, vidonge vinastahili kujaribiwa mwezi mmoja hadi mitatu. Kwa anayesafishwa damu, havifidii hata anachopoteza. Juisi ya rozera na viazi vyekundu ambavyo bila shaka mmeshashauriwa vinaingia kwenye mlango huohuo, na vile viazi vina potasiamu nyingi, ambayo kwa mtu anayesafishwa mara mbili tu kwa wiki inaweza kuusimamisha moyo.

Anapoteza wapi? Kila anaposafishwa, damu kidogo hubaki kwenye chujio na mirija. Chujio likiganda kwa sababu heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, haikutosha, chote kilichokuwemo kinatupwa. Weka na damu ya vipimo kila mwezi, na tumbo linalovuja polepole bila kuonekana. Kwa mgonjwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki, makadirio yanayotumika ni gramu 1 hadi 3 za chuma kwa mwaka. Mama anasafishwa mara mbili, kwa hiyo atakuwa upande wa chini wa makadirio hayo, lakini hata gramu moja ni kama ghala zima la mtu mzima. Muulize muuguzi swali moja la kawaida kabisa: chujio lake limeganda mara ngapi mwezi huu? Kama ni zaidi ya mara moja, hapo kuna damu inayomwagwa kwenye ndoo wakati nyinyi mnanunua sindano ya kuitengeneza.

Sasa tufanye hesabu ya kiasi anachohitaji. Tuseme tunataka kumtoa 8 tumfikishe 11. Kanuni inayotumika ni hii, ambapo Hb ni hemoglobini, ile namba mnayoiita damu:

```
uzito (kg) x (Hb lengo - Hb sasa) x 2.4 + 500
60 x (11 - 8) x 2.4 + 500 = 932 mg
```

Ile 500 ni ya kujaza ghala. Inakuja karibu na miligramu 1,000, na hicho ndicho kipimo cha kawaida cha awamu moja kwenye vituo vingi. Kwa chuma aina ya sukrosi, ampuli moja ya mililita 5 ina miligramu 100. Anapewa ampuli moja kila anaposafishwa, mara kumi. Kwa mara mbili kwa wiki, hiyo ni wiki tano. Inachanganywa kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yasiyozidi mililita 100, inapita kwa dakika 15 au zaidi kwenye mirija ya mashine yenyewe, bila kumchoma tena popote. Isichanganywe kwenye maji ya sukari wala kwenye dripu moja na dawa nyingine. Ikienda haraka sana presha inaweza kushuka, na wengine huhisi ladha ya chuma mdomoni, jambo ambalo linapita lenyewe. Mzio mkali kwa aina hii ni nadra, lakini upo, ndiyo maana hapewi nyumbani na anaangaliwa nusu saa baada ya dozi. Kama kituo chenu kina chuma aina ya dekstrani, ambayo ni ya zamani na bei yake ni nafuu, hiyo inatanguliwa na dozi ndogo ya majaribio ya miligramu 25, kisha kusubiri, kwa kuwa mzio wake ndio uliokuwa unaogopwa zaidi.

Kuna sharti moja ambalo lazima lipite kwanza. Mama ana mrija wa shingoni. Bakteria wengi hupenda chuma kama sisi tunavyokipenda. Akiwa na homa, akitetemeka katikati ya kusafishwa damu, au pale mrija unapoingilia kuna usaha au wekundu, chuma hakiwekwi mpaka maambukizi yatibiwe. Na hata kama hana homa, maabara ikiweza kupima CRP, kipimo kinachoonesha uvimbe au maambukizi mwilini, ipimwe. Ikiwa juu bila sababu inayojulikana, mrija ndio mshukiwa wa kwanza, na huo unaweza kuwa ndio unaowasha hepsidini na kuizuia sindano. Hapo tiba ya upungufu wa damu ni kumtengenezea fistula mkononi, yaani kuunganisha mishipa kwa upasuaji ili asafishwe kupitia hapo, na kuutoa mrija. Watu wengi hawahusishi mambo haya mawili.

Je, kumpa chuma mtu mwenye feritini 310 si hatari? Swali hilo lilijibiwa vizuri Uingereza kwenye utafiti ulioitwa PIVOTAL, uliochapishwa 2019, ukiwa na wagonjwa 2,141 wa kusafishwa damu. Nusu walipewa miligramu 400 za chuma kila mwezi bila kusubiri kipungue, na walisimamishwa tu feritini ilipovuka 700 au transferini ilipofika asilimia 40. Nusu nyingine walisubiri mpaka feritini ishuke chini ya 200 au transferini chini ya 20. Waliopewa mapema walihitaji eritropoietini pungufu kuliko wenzao, na waliongezewa damu mara chache kuliko wao. Vifo pamoja na matatizo makubwa ya moyo vilikuwa vichache kwao, na maambukizi hayakuongezeka. Kwa familia inayonunua sindano mfukoni, matokeo ya kwanza ndiyo yenye uzito: chuma kinapunguza kiasi cha sindano.

Tuje kwenye sindano yenyewe. Yuniti 4,000 mara mbili ni 8,000 kwa wiki, sawa na yuniti 133 kwa kilo kwa wiki. Dozi ya kuanzia ya epoetini, yaani eritropoietini ya sindano, inayoandikwa kwenye maelekezo ni yuniti 50 hadi 100 kwa kilo, mara tatu kwa wiki, yaani kuanzia 9,000 kwa uzito wake. KDIGO wanakubali kuanza na 20 hadi 50 kwa kilo, mara tatu. Kwa hiyo dozi ya mama si ndogo mno wala si kubwa. Ni dozi halali ya kuanzia, ambayo ilipaswa kuonesha kitu ndani ya wiki nne hadi sita. Kupanda kwa 0.3 katika wiki kumi ni sawa na kutopanda, kwani hata mashine ya maabara inaweza kutofautiana kiasi hicho kati ya leo na kesho.

Ushauri ni huu: msiiongeze sindano sasa. Iacheni 8,000, anzeni chuma, kisha pimeni hemoglobini kila wiki mbili. Mkibadilisha vyote viwili kwa pamoja, damu ikipanda kwa kasi hamtajua ni kipi kilichofanya kazi, na mtabaki na dozi kubwa ambayo haikuhitajika. Eritropoietini haitengenezi damu siku hiyohiyo. Inaziokoa seli changa za uboho zisife. Chembe changa huanza kuonekana kwenye damu baada ya wiki moja hivi, na hemoglobini yenyewe inachukua wiki mbili hadi sita kusogea. Anayebadilisha dozi kila wiki anafukuza kivuli chake.

Mnayoyafanya nyumbani na dukani pia yana sehemu. Kwa kuwa mnanunua wenyewe, fuatilieni safari ya kile kichupa. Kinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi kutoka duka la dawa hadi kwenye chumba cha kusafishia. Kisigande. Kukilaza moja kwa moja juu ya barafu kunakiharibu kama vile jua linavyokiharibu. Kifungeni kwa kitambaa au karatasi, barafu iwe pembeni. Kisitikiswe. Hii ni protini, na protini iliyoharibika inaonekana safi vilevile, ila haifanyi kazi. Damu isipopanda na chuma kipo, mkoba wa safari ni mahali pa kuchunguza kabla ya kuongeza dozi. Jambo lingine: muulizeni daktari kama sindano ya chini ya ngozi inawezekana. Kwa epoetini, njia hiyo hufikia matokeo yaleyale kwa dozi ndogo kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na ile inayopitishwa kwenye mashine, isipokuwa chapa chache ambazo maelekezo yake yanataka mshipani. Ukinunua kwa fedha yako, theluthi si kitu kidogo.

Mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kwenda: wiki ya pili 8.4, wiki ya nne 9.0, wiki ya sita 9.7. Kasi hiyo ni nzuri, na gramu 1 hadi 2 kwa mwezi ndiyo inayotafutwa. Chuma kipimwe tena angalau wiki moja baada ya ampuli ya mwisho, la sivyo mtapima dawa mliyoiweka jana. Kama transferini sasa ni 26 na feritini 450, ghala limefunguka. Anaendelea na dozi ndogo ya kutunza, mathalani ampuli moja kila wiki au kila wiki mbili, vipimo vikirudiwa kila mwezi hadi miezi mitatu. Hemoglobini ikipanda zaidi ya gramu 1 ndani ya wiki mbili, au ikivuka 11.5, sindano inapunguzwa kwa robo, kutoka 8,000 hadi 6,000. Haikatwi ghafla. Ukiikata, uboho unalala, na mwezi unaofuata mnarudi 9 mkianza upya kwa dozi kubwa. Damu inabembea juu na chini na mgonjwa anachoka zaidi.

Vipimo vyote vichukuliwe kabla ya kuanza kusafishwa, kwa siku ileile ya wiki. Mama akija na maji ya lita tatu mwilini, damu yake imechujuka na inasoma chini; akitoka, maji yameondolewa na inasoma juu bila chembe hata moja kuongezeka. Usilinganishe namba ya kabla na namba ya baada.

Kama chuma kimeshajaa na wiki nne zimepita bila kusogea gramu moja, ndipo dozi inaongezwa kwa robo: 10,000 kwa wiki, kwa mfano 4,000 siku moja na 6,000 siku nyingine. Tena subiri wiki nne. Lakini kuna ukomo. KDIGO wanashauri dozi isiongezwe tena na tena kupita maradufu ya ile ya kuanzia, ambayo kwake ni 16,000 kwa wiki. Kabla ya kufika huko, atafutwe mwizi: mrija wenye maambukizi, choo chenye damu iliyofichika, homoni ya tezi za parathiroidi iliyopanda sana, upungufu wa asidi ya foliki au vitamini B12, malaria, dawa zinazokandamiza uboho, au kusafishwa kusikotosha. Hilo la mwisho lisipitiwe kirahisi. Mara mbili kwa wiki ni kidogo, na saa zikikatwa kutoka nne hadi tatu kwa sababu ya foleni, uchafu unaobaki unaukandamiza uboho kila siku.

Kuna hali moja nadra ambayo lazima ijulikane kwa sura: damu iliyokuwa inapanda vizuri inaanza kuporomoka kwa gramu nusu hadi moja kila wiki, chembe nyeupe na chembe sahani ziko sawa, lakini chembe changa nyekundu karibu zimetoweka. Mwili umetengeneza kinga dhidi ya eritropoietini yenyewe, ya sindano na ya kwake pia. Hapo sindano za aina zote zinasimamishwa siku hiyohiyo. Mama hana dalili za hali hiyo. Yeye hakupanda tangu mwanzo, wala haporomoki.

Sasa, kwa nini isifike 13? Wazo hilo ni la kawaida, na hata wataalamu walilishikilia kwa miaka. Mtu mwenye afya ana 13, basi mgonjwa arudishwe 13. Lilijaribiwa. Nchini Marekani, wagonjwa 1,233 wa kusafishwa damu wenye ugonjwa wa moyo waligawanywa: kundi moja damu yao ipandishwe mpaka kiwango cha kawaida, lingine ibaki karibu na 10. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati na kuchapishwa 1998. Waliofia kwenye kundi la damu ya kawaida walikuwa 183, kwenye kundi la damu ya chini 150, na njia za kusafishia za kundi la juu ziliziba mara nyingi zaidi. Mwaka 2009 ukaja utafiti wa TREAT, wagonjwa 4,038 wenye kisukari na figo dhaifu ambao hawajaanza kusafishwa. Waliolengwa 13 kwa darbepoetini, sindano ya jamii ya eritropoietini, walipata kiharusi asilimia 5.0, na waliopewa sindano isiyo na dawa, wakipewa dawa yenyewe pale tu waliposhuka chini ya 9, asilimia 2.6. Karibu mara mbili. Uhai haukurefuka, moyo haukuokolewa, na nafuu waliyoihisi kwenye uchovu ilikuwa ndogo.

Sababu zake hazijakaa mahali pamoja. Damu nzito hupita kwa taabu kwenye mishipa iliyokwishaharibika, presha hupanda, na sindano kwa dozi kubwa ina athari zake kwenye mishipa na kuganda kwa damu hata pale namba isipofika. Ndiyo maana mtu ambaye damu yake inakataa kupanda ndiye aliye hatarini zaidi anapomiminiwa dozi kubwa.

Kutokana na hayo, kwa anayesafishwa damu sindano huanzishwa hemoglobini ikiwa kati ya 9 na 10, ili asishuke chini ya 9. Anayesafishwa au asiyesafishwa, kwa kawaida hatunzwi juu ya 11.5, na haipandishwi makusudi kupita 13. Mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 2011 ni kali zaidi: inaelekeza dozi ipunguzwe au isitishwe pale anayesafishwa anapokaribia au kuvuka 11. Kwa mama, nafasi ya 10 hadi 11.5 ndiyo nyumbani kwake. Mgonjwa aliyewahi kupata kiharusi au mwenye saratani, hata kuanza kunafikiriwa mara mbili.

Presha yake ipimwe kila siku wakati damu inapanda. Ikiwa juu ya 160 kwa 100 na haishuki, sindano hurukwa mpaka presha itulie. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, au degedege kwa mtu aliyeongezwa dozi karibuni ni dharura.

Kuhusu zile chupa mbili. Kwa damu 8.1 iliyotulia, kwa mtu anayetembea, asiye na maumivu ya kifua wala kukosa pumzi akiwa amekaa, asiyetokwa damu, kuongezewa hakuhitajiki leo. Chupa moja humpandisha takribani gramu 1, na chembe zile zitaisha. Kitakachobaki ni kinga alizotengeneza dhidi ya tishu za waliomchangia. Siku akipata ndugu wa kumpa figo, kinga hizo zinaweza kufanya figo hiyo isimfae. Kama mna nia ya kupandikiza, mwambieni daktari mapema na kwa sauti, kwa sababu hilo linabadilisha uamuzi. Akianza kubanwa kifua, kuhema akiwa amelala, au kupata choo cheusi, hesabu inageuka na damu anapewa bila kusita. Na apewe akiwa kwenye mashine, ili maji na potasiamu ya ziada iliyomo kwenye chupa iondolewe hapohapo.

Ukienda kliniki safari ijayo, beba ile karatasi yenye 6.2 na 44, na uandike 14 pembeni kwa kalamu. Muulize daktari mambo matatu: kama hakuna maambukizi, aanze lini ampuli ya kwanza; je, sindano inaweza kuchomwa chini ya ngozi; na ni lini atapangiwa fistula.